Dai kuu la insha yangu ya karanga

Mwaka wa pili chuoni nilipewa insha ya historia juu ya mradi wa karanga wa Waingereza kule Kongwa, ulioanza 1947 na kufungwa 1951. Nilisoma sana, nikajaza kurasa sita. Iliporudi, mwalimu alikuwa amepigia mstari sentensi ya mwisho ya utangulizi: "Insha hii itajadili sababu za kushindwa kwa mradi wa karanga." Pembeni aliandika: "Unadai nini?"

Nikamfuata ofisini. "Hapa umenitajia mada," akasema. "Dai ni kitu ambacho mtu mwenye akili zake anaweza kukikataa. Hii nani ataikataa?"

Nikaandika upya: "Mradi ulishindwa kwa sababu nyingi." Nikaipima kwa swali lile lile, nikaona nayo hakuna wa kuipinga. Nikarudi kwenye madondoo yangu kutafuta jambo lililonikera kweli. Nalo lilikuwa hili: mwaka 1946 wataalamu watatu walizunguka kwa takriban wiki 9 tu, kisha wakapendekeza kulima zaidi ya ekari milioni 3. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, ukikauka unakuwa mgumu kama tofali na karanga hazing'oki. Shamba dogo la majaribio lingeonyesha hilo kwa msimu mmoja au miwili.

Hapo nikapata sentensi yangu: "Mradi wa Kongwa haukuangushwa na ukame wala udongo wenyewe, bali na uamuzi wa kulima eneo kubwa kabla ya kujaribu dogo."

Sentensi hii ilianza kunitawala. Nilichukua kila aya nikaiuliza: inasaidia dai hili vipi? Ya udongo ilibaki, ila sasa ilikuwa ushahidi wa jambo ambalo jaribio lingefichua. Ya matrekta yaliyochakaa yaliyonunuliwa kwa haraka ilibaki pia. Ya bandari ya Mtwara, niliyoipenda kuliko zote, niliifuta. Ilikuwa ya kweli, lakini haikuthibitisha chochote nilichodai. Iliniuma kweli.

Dai pia lilinidai aya ambayo sikuwa nayo. Mpinzani angesema: Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, wangengojaje majaribio? Ilinibidi nimjibu, kwamba haraka ile ndiyo iliyowachelewesha, maana miaka ikapita na karanga walizotarajia hazikupatikana.

Kuandika aya hiyo kulinirudisha kwenye utangulizi. Neno "haukuangushwa na ukame" lilikuwa limezidi, kwani ukame uliwaumiza kweli. Nikaandika "haukuangushwa na ukame peke yake," nikaiacha sentensi pale pale, mwishoni mwa aya ya kwanza, ili msomaji ajue tangu mwanzo kila ushahidi unaofuata unaelekea wapi.