Jinsi nilivyotatua: Shikamoo iende wapi, isiende wapi

Mteja mzee, mkurugenzi, hakujibu kuhusu ankara. Kosa lilikuwa kutuma "Shikamoo" peke yake wasapu, kisha kungoja "Marahaba". Mtu mwenye shughuli nyingi huiona, akaiacha. Dawa ni salamu na shida katika ujumbe mmoja:

"Shikamoo mzee. Ankara ya Machi nimeituma kwa barua pepe. Naomba uipitie ukipata nafasi."

Akijibu "Poa kijana", usishuke hadi "Mambo". Ruhusa hiyo ni yake.

Barua pepe hupelekwa mbele kwa mhasibu, kwa hiyo shikamoo inatoka: "Ndugu Mkurugenzi, habari za kazi." Barua rasmi ya karatasi nayo inakaa kwenye faili: weka kumbukumbu namba, tarehe, anwani, kisha "YAH: ANKARA YA MACHI". Humo hata "mzee" haingii, cheo tu.