Bibi harusi na vitambaa viwili vyekundu

Leo asubuhi, Darajani. Bibi harusi keshaambiwa kwamba katika ule mfumo wa kumchagulia mtu rangi za kuvaa kwa majira manne, yeye ni "majira ya baridi", eti kwa sababu nywele na macho yake ni meusi. Basi avae nyeupe pe na waridi kali.

Kwa kipimo hicho, karibu Unguja nzima ni baridi!

Tukamsogeza dirishani, uso bila vipodozi, ushungi mweupe kichwani. Chini ya kidevu vikapita vitambaa viwili vyekundu vyenye ukolevu sawa.

Kilichoelekea zambarau kilimtia ujivu pembeni mwa mdomo.
Kilichoelekea machungwa, ule ujivu ukatoweka.

Hapo ndipo majira manne yanaposaidia: yanakufundisha kutenganisha rangi ya joto na ya ubaridi.

Lakini ukimhamishia kwenye "mapukutiko" utampa kahawia na kijani kilichofifia, navyo vilimzimisha. Rangi za "machipuko" zina joto na mng'ao, ila kwake ni nyepesi mno. Anataka joto, mng'ao na ukolevu pamoja, na katika visanduku vinne hicho hakimo.

Jamani, nyinyi vitambaa mnavipimia dirishani au chini ya taa ya duka?