Mashine ya mise iliyokataa kutulia, mpaka nikaikadiria mzigo wake

Mashine ya kuvunja mise, zile kokwa za michikichi, niliyomtengenezea mama mmoja wa Ujiji ina tabia moja mbaya: inataka mwendo ule ule muda wote. Sahani inazungusha mise na kuzirusha ukutani. Ikizunguka taratibu, mise inarudi nzima. Ikizidisha, kiini kinasagika pamoja na gamba na hakuna wa kukinunua. Mwendo wangu mzuri ni mizunguko 1700 kwa dakika, na unatunzwa na PI, programu inayoongeza mkondo wa mota kwa kuangalia kosa la mwendo la sasa na jumla ya makosa yaliyopita; Ki ndiyo inayoamua hiyo jumla ipewe nguvu kiasi gani. Kila akimimina kisahani cha mise ulishuka hadi 1400 hivi, ukapanda tena kwa kujikokota.

Fundi mwenzangu akaniambia, "Ongeza tu Ki, kaka, utaona." Nikaongeza, nikaona kweli. Mise zilipoingia mwendo ulirudi haraka, lakini zilipokwisha, ile nguvu iliyojilimbikiza kwenye PI ikaipeleka mota hadi 1950, na mise za mwisho zikatoka unga. Mama akazishika kiganjani, akanitazama, hakusema neno. PI husubiri mwendo uharibike ndipo ijifunze, na ikishajifunza inachelewa kusahau.

Nilichohitaji ni kikadiriaji mzigo, mbinu ambayo Wajapani waliikuza tangu miaka ya 1980. Wazo lake ni hesabu ya dukani. Najua mkondo unaoingia, kwa hiyo najua nguvu ya kuzungusha ninayoitoa. Najua J, yaani jinsi sahani inavyogoma kubadili mwendo, kwa hiyo najua mwendo ungepaswa kuongezeka kiasi gani. Kilichopungua kimeliwa na mzigo. Basi ninaongeza mkondo wa kulipia hicho kilicholiwa, hapo hapo.

Mota yangu ya volti 24 inatoa nguvu ya kuzungusha ya 0.07 Nm kwa kila ampea. Ikizunguka tupu kwa mwendo wa kawaida inakula ampea 1. Nikaipa ampea 6 bila kubadilisha, ikafika radiani 175 kwa sekunde baada ya sekunde 2. Ampea 5 zilizobaki ni 0.35 Nm, kwa hiyo J ni 0.35 × 2 ÷ 175, yaani 0.004. Sehemu yenyewe ya programu ni mistari mitatu, inayorudiwa kila milisekunde 5, ambayo ndiyo `dt`. `Kt` ni ile 0.07, `i` ni mkondo, `w` ni mwendo kwa radiani kwa sekunde, `z` ni chujio la kulainisha hesabu, `Tl` ni mzigo uliokadiriwa, `iPI` ni mkondo unaoombwa na PI, na `iref` ni mkondo unaoagizwa:

```
z += (Kt*i + g*J*w - z) * g*dt;
Tl = z - g*J*w;
iref = iPI + Tl/Kt;
```

Angalia kwamba hakuna mahali nilipotafuta badiliko la mwendo moja kwa moja; chujio limelimeza. `g` ndiyo kasi ya kukadiria, nikaweka 20.

Nikawasha. Jamani! Mota ikanguruma kama pikipiki iliyokosa eksozi na waya zikapata joto. Nilishinda siku nzima nikiilaumu draiva, kumbe mkosaji ni mimi. Sensa yangu ya mwendo ilikuwa kifuniko cha kopo la maziwa nilichokikata matundu 20 kwa mkono, na nilikuwa nahesabu matundu kila milisekunde 10. Kwa 1700 yanapita matano na ushei, kwa hiyo mara naona 5, mara naona 6. Tundu moja la tofauti ni radiani 31 kwa sekunde. Zidisha kwa `g*J`, ambayo ni 0.08, unapata mzigo wa 2.5 Nm usiokuwepo, na programu inaagiza ampea 36 kuulipia!

Nikaacha kuhesabu, nikapima muda. Lakini matundu yangu hayalingani, mengine mapana kama mdomo wa chupa. Ndipo nikapata ujanja ninaoringia mpaka leo: kila tundu linapimwa dhidi yake lenyewe, tangu lilipopita mara ya mwisho, mzunguko mmoja kamili. Ubaya wa kukata haujalishi tena. Gharama yake ni ucheleweshaji wa milisekunde 17 hivi, ndiyo maana `g` haiongezeki ovyo. Nilipojaribu 60, mwendo ulianza kuyumba wenyewe.

Na `i` iwe ile iliyopimwa, si ile uliyoagiza. Mimi nimefunga kikomo cha ampea 12. Jiwe likikwama, ukitumia ya kuagiza, kikadiriaji kinadhani ampea zote zimefika na zimeliwa, kinaagiza zaidi, na jiwe likitoka mota inaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba.

Sasa kisahani kikimwagwa, ambacho ni kama 0.5 Nm, mwendo unashuka 80 tu. Hesabu iliniahidi 60 (0.5 ÷ 0.08 ni radiani 6), nikaridhika. Sensa ya mkondo na vikorokoro vingine vilinigharimu kama elfu thelathini hivi, kopo lilikuwa la bure.

Mashine tupu, `Tl` inasoma 0.07, ule msuguano wa ampea 1. Mwezi uliopita ikawa 0.15 bila mise hata moja ndani. Nikafungua beringi, nikakuta vumbi la magamba limejaa.