Nondo ya milimita 16

Mwaka 2014 nilikuwa karani wa oda kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Kazi iliyonichosha kuliko zote ilikuwa kujaza bei: kila oda ikija, nafungua orodha ya bei, natafuta bidhaa, narudi kwenye oda na kuandika. Nilipojifunza VLOOKUP, fomula ya Ekseli inayotafuta jina kwenye orodha na kuleta bei yake, nilifurahi sana. Orodha niliiweka kwenye shiti iitwayo Bei, majina kwa mpangilio wa alfabeti, na kwenye oda nikaandika:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$B$64,2)
```

Alama za dola nilijua kazi yake: bila hizo, ukiburuta fomula kwenda chini, eneo la orodha nalo linateremka na bidhaa za juu zinaachwa nje. Kwa wiki kadhaa bei zilijaa zenyewe, nami nikaacha kuzikagua.

Siku moja mzee wa stoo alikuja na karatasi ya oda mkononi, tayari wanapakia.

"Mwanangu, nondo ya 16 imekuwaje bei moja na ya 12? Mimi ndiye ninayezibeba. Ya 16 ina uzito karibu mara mbili."

Nikatazama. Nondo 40 za milimita 16, kila moja shilingi 21,000. Bei yake halisi ilikuwa 38,000. Pengo: shilingi 680,000. Nikahisi tumbo linaniuma.

Nikafungua shiti ya Bei. Nondo ya 16 haikuwamo kabisa; ilikuwa bidhaa mpya na bei yake tuliletewa kwa simu. Kumbe ukiacha sehemu ya nne ya fomula, Ekseli inachukulia TRUE: ikikosa jina unalotafuta, inachukua lililo karibu kabla yake kwenye mpangilio. Kabla ya "Nondo mm 16" kulikuwa na "Nondo mm 12". Haikutoa onyo lolote, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikaongeza neno moja, FALSE, linalodai jina lifanane kabisa:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$B$64,2,FALSE)
```

Papo hapo mistari miwili ikaandika #N/A, yaani jina halikupatikana. Wa nondo niliutarajia. Wa pili ulikuwa wa saruji, na saruji ilikuwamo kwenye orodha! Nikahesabu herufi za jina kwa LEN: kwenye orodha sita, lakini kwenye oda saba. Kulikuwa na nafasi tupu mwishoni. Fomula ya zamani ilikuwa ikiipita bila kunionyesha. Nikaweka TRIM(A2), inayoondoa nafasi kama hizo, badala ya A2, saruji ikapata bei yake.

Bosi alipoona #N/A iliyobaki alitaka niifiche kwa IFERROR, iandike sifuri, karatasi ipendeze. Nilimwomba tuiache. Sifuri ingeingia kwenye jumla kimyakimya; #N/A inaiharibu jumla yenyewe, kwa hiyo hakuna oda itakayotoka ikiwa na pengo. Akakubali. Nikaingiza nondo ya 16 katikati ya orodha, eneo likapanuka lenyewe hadi mstari wa 65, oda ikachapishwa upya, na mzee akarudi kwenye lori.