Pikseli 48 zilizokuwa 16

Leo mchana mwenzangu anayeandika msimbo kanitumia skrinshoti ya ukurasa wa malipo. Anasema kitufe kimekaa kama nilivyochora.

Nikavuta picha hadi pikseli zikaonekana moja moja, nikapima kutoka ukingo wa skrini hadi kwenye kitufe: 48.

Mchoro wangu unasema 16.

Lakini hajakosea. Picha ina upana wa pikseli 1080, na simu yake hupanga ukurasa kwa upana wa 360. Yaani kila kipimo kimezidishwa mara 3. Gawanya 48 kwa 3, unapata 16. Kazi safi kabisa!

Rangi ndiyo ilinisumbua. Nilichora #1A73E8, nasoma #1B72E6, na nikisogea pikseli moja namba inabadilika tena. Kitufe cha rangi moja hakiwi hivyo. Hiyo ni dalili kwamba picha ilibanwa kuwa JPEG njiani.

Nikamwomba aitume kama faili, PNG ile ile iliyotoka kwenye simu. Nikasoma katikati ya kitufe, mbali na kingo zilizolainishwa.

#1A73E8 kila nilipogusa. Nimefurahi mno!

Nyie mnasomea rangi kwa zana gani?