Majina matano ya jasusi mmoja: nilivyompata mwenyewe na tarehe zake

Mwaka 1990, ikiwa imebaki kidogo tu isambaratike, Urusi ya Kisovieti ilitoa stempu tano za kopeki 5 zenye sura za majasusi wake. Seti hiyo niliipata ndani ya bahasha ya stempu za mchanganyiko, nikaitengea ukurasa kwenye albamu yangu. Chini ya kila stempu huwa naandika jina kamili la mtu, alipozaliwa na miaka yake. Kim Philby hakunisumbua: Ambala, India, 1912, akafia Moscow 1988. Aliyenikwamisha ni R. I. Abel. Kitabu kimoja kilisema alizaliwa Moscow mwaka 1902, kingine Riga 1900, kingine Uingereza 1903.

Nilichukua karatasi, nikaandika kila jina alilowahi kutumia, na mbele ya kila jina nikaweka swali moja: nani alilitamka kwanza, na alikuwa na sababu gani ya kulitamka? Bila hilo unabaki kuhesabu vitabu. Vitabu kumi vikinakili chanzo kimoja, ushahidi bado ni mmoja.

Alipokamatwa hotelini New York, tarehe 21 Juni 1957, alikuwa amejiandikisha kama Martin Collins. Kule Brooklyn, alikokuwa na chumba cha kuchorea picha, majirani walimjua kama Emil Goldfus. Kuingia Amerika mwaka 1948 alitumia pasipoti ya Andrew Kayotis. Baada ya kubanwa ndipo akasema yeye ni Rudolf Ivanovich Abel, raia wa Urusi. Jina hilo ndilo lililoingia kwenye mashtaka, kwenye hukumu ya miaka 30, na hata kwenye habari za kubadilishana wafungwa pale daraja la Glienicke, tarehe 10 Februari 1962, aliporudishwa kwao naye rubani wa Kimarekani Francis Gary Powers akaachiwa. Kwa hiyo ile "Moscow, 1902" niliyoikuta imetapakaa vitabuni ukiifuatilia nyuma inaishia kwenye kinywa cha mfungwa mwenyewe. Nikaikata.

Goldfus ndiye aliyenifunza zaidi. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa halali kabisa: mtoto wa kiume, New York, 2 Agosti 1902. Ungekwenda kwenye rejista ungemkuta. Hapo ndipo wengi hutulia wakaona kazi imekwisha, na ndilo jambo wanaotengeneza vitambulisho vya majasusi wanalolitegemea. Cheti kinathibitisha kwamba mtoto fulani alizaliwa. Hakisemi kwamba aliyekishika leo ndiye yule mtoto. Kinachotakiwa ni kuvuka hadi kwenye rejista ya vifo na kutafuta jina lilelile, kuanzia miaka ya mwanzo ya maisha, kwa sababu mtoto aliyekufa mchanga hakuacha shule, kazi wala mke wa kumkumbuka. Emil Goldfus alikufa tarehe 9 Oktoba 1903, akiwa na miezi 14.

Kayotis ni wa aina nyingine. Huyu alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa Lithuania aliyepata uraia wa Marekani, akarudi kwao mwaka 1947, akafia huko. Kifo chake hukikuti kwenye rejista za Marekani hata ukikesha. Alama ya mtu kama huyu ni safari ya kwenda tu, kisha pasipoti inarudi na mtu mwingine. Collins sikumhangaikia, kwani tarehe zake hazikuingia kwenye kitabu chochote kati ya nilivyosoma.

Abel sasa. Rudolf Ivanovich Abel alikuwapo kweli: mzaliwa wa Riga, 1900, ofisa wa ujasusi na rafiki wa damu wa mtu wetu. Alikufa mwaka 1955. Mfungwa alilichagua jina la marehemu kwa akili: magazeti yangelitangaza, na wakubwa wake Moscow wangejua papo hapo ni nani aliyekamatwa na kwamba hajafungua mdomo. Basi anayeandika "Riga, 1900" chini ya stempu hii ameandika tarehe za maiti mwingine. Kosa hili ni gumu kulishtukia, maana mtu alikuwapo, kazi ni ileile, na jina ndilo lililo kwenye stempu.

Ikabaki Uingereza, 1903. Hapa nilitaka mashahidi wawili wasiojuana. Wa kwanza ni jiwe la kaburi, makaburi ya Donskoye, Moscow. Picha zake zimejaa mtandaoni, na ukijua kusoma herufi za Kirusi kidogo tu unaona majina mawili: Fisher Vilyam Genrikhovich na Abel Rudolf Ivanovich. Tarehe ni 11 Julai 1903 na 15 Novemba 1971. Kaburi liliwekwa na watu waliomjua, lakini ni watu wa idara ileile iliyozoea kuficha, kwa hiyo peke yake halikunitosha.

Wa pili ni rejista ya vizazi ya Uingereza. Faharasa yake inatafutwa bure kwenye tovuti ya FreeBMD, ila ina mitego kwa mgeni. Haitoi siku ya kuzaliwa. Inatoa robo ya mwaka ambamo mtoto aliandikishwa, na "Sep 1903" maana yake ni Julai hadi Septemba. Wazazi walipewa siku 42 kuandikisha, kwa hiyo mtoto wa tarehe 11 Julai anaangukia robo hiyohiyo, lakini wa mwishoni mwa Agosti anaweza kuruka hadi "Dec". Jina la ukoo wa mama halionekani humo kwa vizazi vya kabla ya 1911. Siku yenyewe iko kwenye cheti, na watafiti wa Newcastle walishakifikia: William August Fisher, 11 Julai 1903, mtaa wa Benwell, Newcastle upon Tyne.

Jiwe linasema Genrikhovich na cheti kinasema August, lakini hapo hakuna mgongano. Genrikhovich ni kama "bin Heinrich", na baba yake ndiye Heinrich Fischer, mwanamapinduzi mwenye asili ya Kijerumani aliyetoroka utawala wa Tsar. Familia ilirejea Urusi mwaka 1921. Karani wa Newcastle mwaka 1903 hakuwa na sababu ya kumbeba mtu yeyote, wala hakuweza kujua mtoto yule angezikwa wapi. Siku, mwezi na mwaka vinalingana na vya kaburini. Pia kwa kuwa alizaliwa Uingereza, tarehe haina utata wa kalenda ya zamani ya Urusi, iliyokuwa nyuma kwa siku 13 hadi 1918.

Stempu ya Konon Molody haikuhitaji njia hiyo. Yeye aliishi London kama Gordon Lonsdale, mzaliwa wa Cobalt, Kanada, 27 Agosti 1924. Lonsdale wa kweli alipelekwa Finland utotoni na mama yake, kwa hiyo huko Kanada hakuna cheti cha kifo cha kumnasa tapeli. Wachunguzi walimwendea daktari wa huko Ontario, wakaambiwa mtoto alitahiriwa. Mtu aliyekamatwa London hakuwa ametahiriwa. Hilo lilitosha kuonyesha kwamba huyu siye Lonsdale, ila halikusema ni nani. Jina la Molody, mzaliwa wa Moscow mwaka 1922, lilitoka upande mwingine. Ndiyo maana kwenye ukurasa wake nimeandika Molody kwa wino, na Lonsdale nimemweka mstari wa chini, kwa penseli, kama jina la kazini tu.