Jinsi Nilivyorudisha Mng'ao wa Sakafu ya Terazo

Sakafu ya terazo sebuleni mwetu Kisumu ilikuwa imefifia kwenye njia ya mlangoni, ilhali chini ya kabati iling'aa bado, na hapo nikatambua kwamba mchanga wa viatuni ndio ulioikwaruza, hivyo nta mpya ingeficha tu mikwaruzo hiyo. Niliondoa nta kuukuu, kisha nikaisugua sakafu kwa mashine yenye pedi za almasi, huku nikimwagia maji, kuanzia namba 200 yenye chembe kubwa, halafu 400, 800 na 1500 iliyo laini zaidi. Kabla ya kubadilisha pedi nilizoa tope lote, kwa sababu chembe chache za pedi iliyotangulia huacha mikwaruzo mipya. Sasa hatutumii siki wala dawa ya choo, kwani asidi hula vipande vya marumaru vilivyomo kwenye terazo.